Aya ya Ridhaa

Barua ya mhariri ilitufikia Machi 1977, na kwa siku mbili Daktari Laurian hakumwonyesha mtu. Siku ya tatu aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia niketi. Nikajua kuna jambo. Ofisi yenyewe zamani ilikuwa stoo ya mashuka, na mlango ukifungwa joto lake halisemeki, kwa hiyo hakuwa na kawaida ya kuufunga.

Hospitali sitaitaja, wala kijiji. Ni Singida, inatosha. Wengi wa watu wale wako hai na mimi sitaki maneno. Majina ya wengine nimeyabadili; jina la kweli ni langu tu: Felista, muuguzi, Mnyaturu wa kuzaliwa, na mtu wa hasira za karibu. Daktari Laurian alikuwa kijana wa Bukoba, msomi, mpole, asiyejua Kinyaturu zaidi ya salamu, na hata hiyo salamu akiitoa kina mama walikuwa wanacheka.

Mwaka uliotangulia tulifanya utafiti wa upungufu wa damu kwa watoto mia na ishirini wa kijiji kimoja cha ujamaa, wa mwaka mmoja hadi mitano. Tuliwatoboa kidole, tukapima damu, kisha tukawagawa kwa kura. Sitini walipewa vidonge vya madini ya chuma. Sitini wengine walipewa vidonge vinavyofanana na hivyo kwa rangi na ukubwa, lakini ndani hamna dawa. Sisi tuliviita vidonge vitupu. Mama aliponda kidonge akakichanganya kwenye uji wa mtoto, basi. Bahasha ziliandikwa namba tu, na orodha ya nani anapata nini ilifungiwa kwenye kabati la mganga mkuu, ili hata sisi tusijue tukaja kupendelea. Baada ya wiki kumi na mbili tulipima tena, damu ya waliopewa chuma ikawa imeongezeka, na wale wa vidonge vitupu nao wakapewa chuma chao. Wote isipokuwa mmoja. Simoni, mtoto wa Theodora, mwenye miaka mitatu, alikufa wiki ya tisa. Orodha ilipofunguliwa, tuliona kwamba alikuwa wa vidonge vitupu.

Daktari alinisogezea barua. Mhariri wa jarida alikuwa ameyasifu majedwali yetu, ameuliza moja mawili kuhusu kipimo cha damu, kisha akafika kwenye sehemu ya njia za utafiti na kupiga breki. Pale tulikuwa tumeandika hivi, kwa Kiingereza kizuri cha daktari: utafiti ulifuata taratibu za maadili, na ridhaa ya wazazi wote ilipatikana. Mistari miwili. Mhariri aliandika kwamba mistari hiyo haimwambii kitu. Alitaka kujua nani aliidhinisha utafiti. Wazazi waliombwa na nani, na kwa lugha gani? Waliambiwa nini hasa, na je, waliambiwa kwamba nusu ya watoto watapewa vidonge visivyo na dawa? Wangeweza kukataa na bado wakatibiwa? Mtoto aliyeonekana mgonjwa sana alifanyiwa nini? Akamalizia kwamba aya iandikwe upya, iwe kamili, kwa maneno ambayo mzazi mwenyewe akisomewa ataelewa. Na akakumbusha kwamba tamko la madaktari wa dunia, lililorekebishwa Tokyo mwaka juzi, linawataka wahariri wasichapishe utafiti uliokiuka mambo hayo.

“Tutaiandika kwanza kwa Kiswahili,” Daktari alisema. “Kwa Kiingereza najikuta naificha ficha. Halafu nitatafsiri. Wewe ndiye uliyekuwa unasema na kina mama, kwa hiyo utanisaidia.”

Akaingiza karatasi kwenye mashine ya kupiga chapa. Mwanzo ulikwenda vizuri. Wizara ya Afya ilitoa kibali, na ofisi ya mkoa ilitoa barua, tarehe zipo. Mtoto ambaye damu yake ilikuwa chini ya gramu tano hakuingizwa kwenye utafiti, alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo akatibiwa. Hiyo nayo ni kweli, walikuwa wanne, niliwasindikiza mwenyewe. Kisha akapiga: Wazazi walielezwa kwa Kinyaturu na muuguzi kwamba nusu ya watoto watapewa vidonge visivyo na dawa.

Akaacha kupiga, akanitazama. “Ulisema nini, Felista? Maneno yako yenyewe.”

“Nilisema kama ulivyonielekeza, Daktari.”

Nilidanganya. Sikufikiri hata kidogo, lilitoka lenyewe. Niseme na sababu, ingawa hainisaidii. Daktari alikuwa ameniandikia barua ya kunipendekeza kwenda Dar es Salaam kusomea uuguzi wa afya ya jamii, na barua ile ilisema kwamba nimeshiriki katika utafiti uliochapishwa. Ilikuwa kwenye mtoto wa meza pale pale, karibu na goti langu. Ilikuwa inasubiri makala ikubaliwe tu. Mimi nilikuwa nimesafisha vidonda na kumwaga mabeseni miaka kumi na moja, na nilikuwa nimechoka.

“Vizuri,” akasema. “Sasa tuangalie fomu.”

Akashusha bunda. Kila mtoto alikuwa na fomu yake ya Kiswahili, na chini yake alama ya dole gumba ya mzazi kwa wino wa zambarau. Alitaka kuandika idadi ya walioweka dole na idadi ya waliosaini. Nilikuwa nafunua, yeye anahesabu. Nilipofika nyumba kumi za Mzee Melkizedeki nikaona kitu, na kwa bahati mbaya naye akakiona. Fomu tisa zilizofuatana zilikuwa na gumba moja. Lilikuwa gumba kubwa, pana, na katikati yake mstari mweupe umelikata kwa mshazari. Ni kovu la mundu. Kila mtu pale kijijini alilijua gumba lile.

Fomu ya nne kati ya zile tisa ilikuwa ya Simoni.

Daktari alisimama. Alichukua funguo za Landrova.

Mzee Melkizedeki alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee wa kanisa, mtu safi. Tulimkuta nje ya nyumba yake anachonga mpini wa jembe. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akatuletea vigoda. Daktari akamwonyesha zile fomu tisa na kumuuliza kama gumba ni lake.

“Ni langu,” akajibu, wala hakuona haya. “Siku ile wenyewe walikuwa shambani, wanapalilia. Ninyi mlikuwa na haraka, mnataka majina yatimie.”

“Lakini mzee, hii ilikuwa ya mzazi. Mzazi akubali mwenyewe.”

“Nyumba zangu nazisainia mimi, Daktari. Mbegu zikija nasaini mimi. Siku ya kuhamia hapa kijijini nani alisaini? Si mimi? Waliamka asubuhi wakakuta lori.” Akauweka mpini chini. “Hakuna aliyeniuliza siku ile kama wamekubali. Nikajua ndiyo utaratibu.”

Daktari aliinamisha kichwa. Nami nilitazama pembeni, maana nilikuwapo kwenye mkutano wa kijiji ulioitishwa kuomba ridhaa ya wazazi, na nilijua yaliyosalia. Nilijua kwamba katibu wa kijiji alisimama akatangaza kuwa atakayekataa aandikwe jina lake. Hakusema litaandikwa kwa nini. Watu ambao miaka miwili nyuma walikuwa wamebomolewa nyumba zao za tembe ili wahamie pale hawakuhitaji kuelezwa. Mikono yote ikanyooka. Daktari aliiona ile mikono, akafurahi, akaniambia watu wa Singida ni waelewa. Tangazo la katibu lilisemwa kwa Kinyaturu, na mimi sikumtafsiria.

Tuliporudi kwenye gari nikamwambia awashe injini lakini asiondoke.

“Kuna mambo sikusema,” nikamwambia.

Nikayasema. Nikaanza na katibu. Kisha nikasema langu. Siku ya mkutano jua lilikuwa kali, watoto wanalia, na yeye alikuwa amenipa maelezo ya karatasi nzima: kwamba kuna vidonge vyenye dawa na vidonge vitupu, kwamba kura ndiyo itakayoamua, kwamba hata sisi hatutajua. Nilianza. Mama mmoja wa mbele akauliza mtu mwenye akili atampaje mtoto kidonge kisicho na dawa. Wengine wakaanza kunong’ona. Nikaona kazi inaharibika, hasira zikanipanda, nikakata maneno. Nikawaambia watoto wote watapata dawa.

“Watoto wote walipata,” Daktari alisema taratibu. “Mwishoni.”

“Mwishoni sikusema. Na siku ya kugawa bahasha, Theodora alikuja na Simoni mgongoni. Hakuwapo kwenye mkutano. Akaniuliza hivi ni vidonge vya nini. Nikamwambia ni dawa ya damu.”

Injini ilikuwa inanguruma bure, na mafuta ya wakati ule yalikuwa ya kuomba kwa barua.

Nimeshaulizwa mara nyingi, na wanaonipenda, kama chuma kingemwokoa mtoto yule. Sijui. Damu yake ilikuwa gramu tano nukta nane alipoanza, halafu akapata homa. Huenda angekufa hata na chuma. Ninachokijua ni kwamba alipoanza kuvimba miguu na kuhema, mama yake alikaa naye siku sita nyumbani akimpondea vidonge vyangu kwenye uji, na alipofika wodini na mtoto amelegea mikononi aliniambia, “Nimechelewa kwa sababu alikuwa anakunywa dawa.” Maneno hayo nilikuwa nayo miezi saba. Nilikuwa naamka nayo.

Ofisini Daktari alichomoa ile karatasi kwenye mashine, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni. Akaingiza nyingine.

“Tukiandika haya hawatachapa,” akasema. “Si kwa ubaya wao. Ndivyo tamko linavyosema, na ni haki.”

“Najua.”

“Na barua yako ya Dar es Salaam haitakuwa na maana.”

“Hilo nalo nalijua, Daktari. Piga.”

Usidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa na uchungu na kila mtu: katibu, balozi, mhariri na maswali yake, na yule mama wa mbele aliyeuliza swali la maana nikamwona mkorofi. Zaidi ya wote nilikuwa na uchungu na mimi mwenyewe.

Daktari alitaka kuandika kwamba “maelezo hayakuwa kamili”. Nikamwambia hapana, mhariri ametaka maneno ya kawaida. Hayakuwa pungufu, yalikuwa ya uongo. Alitaka kuandika “baadhi ya ridhaa zilitolewa na uongozi wa kijiji”. Nikamwambia ni fomu tisa, na ni gumba la mtu mmoja, na wazazi hawakuwapo. Mimi nilikuwa nataja, yeye anapiga, na mahali alipotaka kunificha mimi kwa kuandika “wahoji” nikamwambia mhoji alikuwa mmoja, ni muuguzi, na ndiye anayetaja maneno haya. Yeye naye akaongeza la kwake bila kuulizwa: kwamba mtafiti mkuu hakujua Kinyaturu na hakumweka mtu mwingine wa kumhakikishia kilichosemwa. Ilipofika jioni aya ilikuwa imejaza karatasi.

“Bado haijakamilika,” nikasema. “Ameandika mzazi akisomewa aelewe. Hatujamsomea mzazi.”

Theodora alikuwa anaishi mwisho wa mstari wa nyumba za kijiji, karibu na mashamba ya uwele. Tulifika asubuhi iliyofuata. Alikuwa anatwanga. Alipotuona aliacha, akatukaribisha, akatuletea maji ya kunywa, heshima zote. Nadhani alifikiri tumekuja kumpa pole iliyochelewa. Nikamwambia, “Mama Simoni, kuna karatasi nataka nikusomee. Inakuhusu wewe na mtoto. Ukitaka niache njiani, nitaacha.”

Akasema nisome.

Nikasoma sentensi moja kwa Kiswahili, kisha nikaisema kwa Kinyaturu, kisha inayofuata. Safari hii sikukata kitu. Niliposoma kwamba kulikuwa na vidonge vyenye dawa na vidonge visivyo na dawa alinyanyua uso. Niliposoma kwamba muuguzi aliwaambia kina mama wote watapata dawa, na kwamba haikuwa kweli, alinitazama mimi, na sikutazama pembeni. Niliposoma habari ya gumba alikitazama kidole chake mwenyewe. Kisha nikafika mwisho, nikamwambia jambo ambalo halikuwamo kwenye karatasi: kwamba vidonge vya Simoni vilikuwa vile visivyo na dawa.

Nilitegemea apige kelele. Ningependa angepiga kelele, angenirushia hata mchi. Kuku walirudi kudonoa mtama chini ya kinu.

“Ulisema ni dawa ya damu,” akasema.

“Nilisema. Nilikudanganya. Naomba unisamehe.”

Hilo la kusamehe hakulijibu, siku ile wala baadaye. Akauliza, “Karatasi hii inaniuliza kitu, au inanisimulia tu?”

Nilimtafsiria Daktari. Akafikiri, akasema, “Mwambie inamuuliza. Kama anakubali damu ya mtoto wake iwemo kwenye utafiti wetu. Mwambie anaweza kukataa na hakuna kitakachompata.”

Nikamwambia.

“Basi leo ndiyo nimeulizwa,” Theodora alisema. “Sikubali.”

Daktari alielewa kabla sijamtafsiria, kwa sura yake. Akatoa kalamu. Kisha akaishikilia hewani, na mimi nikaona alichokiona. Simoni ndiye mtoto pekee aliyekufa. Tukimwondoa, majedwali yanabaki na watoto mia na kumi na tisa, wote hai. Utafiti wetu ungekuwa safi kuliko ulivyokuwa. Msomaji wa mbali asingejua kamwe kwamba kulikuwa na mtoto aliyekufa akinyweshwa vidonge vitupu.

Ningeweza kunyamaza. Angekuwa amekataa, nasi tungekuwa tumemheshimu, na makala ingenufaika. Nilikuwa nimeshajua jinsi ya kufupisha.

“Mama Simoni,” nikasema, “kuna jingine unatakiwa ulijue kabla hatujaandika. Tukimtoa kabisa, wanaosoma hawatajua kwamba alikufa. Itaonekana kama hapakuwa na aliyekufa. Chagua wewe. Sisi tutaandika utakavyosema.”

Alichukua mchi, akautia kwenye kinu, hakutwanga. Alikuwa anaushika tu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na mimi ya kwangu nikayazuia, kwa sababu hayakuwa na haki ya kutangulia.

“Damu yake itoeni,” akasema. “Mliichukua bila kuniuliza. Kufa kwake kuacheni. Huko ni kwake.”

Tuliaga. Alitwanga tena kabla hatujafika kwenye gari.

Mchana ule Daktari alipiga chapa mistari ya mwisho, nami nikamtajia. Baadaye aliitafsiri yote kwa Kiingereza, ikapelekwa na basi la Singida, ikaenda posta. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Mhariri alitushukuru kwa kuandika ukweli, akasema kwa aya hiyo hawezi kuchapisha makala. Alitushauri tuwaeleze wazazi wote waliobaki. Ushauri wake ulikuta tumeshamaliza nyumba thelathini na moja. Daktari Laurian alihamishwa mwaka uliofuata. Nafasi ya Dar es Salaam alipewa mwingine, na mimi nilistaafu katika wodi ile ile, bado namwaga mabeseni.

Nakala ya Kiswahili ninayo. Wino wake umefifia, lakini mwisho wake naujua bila kutazama:

Wazazi mia na ishirini wamehesabiwa kwamba waliridhia. Tisa kati yao hawakuombwa. Wengine waliombwa kwa maneno ya uongo, mbele ya kiongozi aliyewatisha. Mtoto mmoja wa vidonge visivyo na dawa alifariki wiki ya tisa. Mama yake alimchelewesha kuja hospitali kwa kuwa tulimwambia anakunywa dawa. Mama huyo ndiye mzazi wa kwanza kuelezwa utafiti huu wote kwa ukweli. Alikataa.